Ruta Iliyokuwa na Mwenyewe

Mimi si mtu wa kusema. Darasani nikijua jibu huliandika pembeni mwa kitabu, nikangoja mwingine alitaje, kisha nikajitilia alama ya vyema kwa penseli. Kwa hivyo atakayesoma haya asidhani nilipaza sauti. Neno kubwa kabisa nililowahi kumkatalia mtu mzima nililiandika kwa herufi mbili tu, kwenye kioo cha kompyuta.

Ilikuwa likizo ya Aprili. Likizo zote mimi hushinda kwa shangazi yangu, dada yake baba, ambaye ana ofisi yake ya mawasiliano Mji wa Kale, chumba cha chini chenye baraza mbele na mlango wa mbao mzito usiofungika vizuri masika. Ndani mna simu, faksi, mashine ya fotokopi iliyo na kikohozi, na kompyuta tatu zilizofunikwa vitambaa alivyovidarizi mwenyewe. Watu huja kupiga simu na kupigiwa. Wasiojua kuandika huja kuandikiwa barua, na mwandikaji ni mimi. Kwenye kuandika sioni haya.

Ofisi hiyo ina desturi moja ambayo sijaiona kwingine. Kila Alhamisi baada ya alasiri shangazi hukusanya rasimu zote za barua, kaboni zilizotumika, karatasi za faksi zilizoharibika, akazichoma kwenye jiko la makaa pale uani. Husimama mpaka ziwe jivu. Siku moja nilimwuliza kwa nini asizitupe tu kama watu wengine.

"Barua ya mtu ni amana," alisema. "Yule mama amekueleza mumewe hamtumii kitu mwaka wa pili. Wataka muuza samaki amfungie mteja changu wake kwa karatasi hiyo?"

Wanawake wa mtaa ule wanaijua desturi hiyo. Ndiyo maana huja kwa shangazi, si kwa yule mwenye ofisi kama hii barabara kuu, aliye na viyoyozi. Hawana sababu nyingine, na shangazi hana mtaji mwingine.

Sasa kompyuta. Kati ya zile tatu, moja tu ndiyo iliyoweza kuingia kwenye intaneti, kupitia modemu, kifaa kinachoipigia kompyuta simu, na laini yetu moja ya simu. Shangazi alitaka zote tatu ziingie kwa pamoja. Fundi wetu, bwana mmoja wa bara anayefanya kazi kwenye kampuni moja bandarini na kuchukua kazi za watu jioni, akamwambia kinachotakikana ni ruta: kisanduku kinachopokea maombi ya kompyuta zote na kuyapitisha kwenye laini moja. Mpya hazishikiki kwa bei. Lakini yeye angeweza kumpatia iliyotumika, pamoja na modemu yake.

Alikuja nayo Jumatatu, imefungwa ndani ya gunia la mchele.

"Mama, hiyo kitu iko sawa kabisa," akasema, akiifuta vumbi kwa shati lake. "Ofisi moja ya kutoa mizigo imenunua kubwa zaidi, hii wakaiuza. Haijafanya kazi hata miaka mitatu."

Ilikuwa bapa, ya rangi ya kijivu, nzito kuliko nilivyodhani. Chini yake paligandishwa kijikaratasi chenye tarakimu za anwani kwa kalamu ya wino. Fundi alizisoma, akazipa kompyuta zetu anwani za jamii moja na ile, akaunganisha nyaya, akawasha. Modemu ikalia mlio wake kama paka aliyekanyagwa mkia. Kisha kompyuta zote tatu zikaingia kwenye intaneti.

Shangazi alipiga kigelegele kidogo, cha nusu. Mimi nilibaki nimetazama karatasi iliyokuwa juu ya meza. Ni ile tuliyopewa na watu waliotuuzia huduma ya intaneti, yenye jina letu la kuingilia na neno letu la siri. Hakuna aliyeifungua. Hakuna aliyeyaandika popote.

Nilimvuta shangazi upindo wa buibui. "Imeingia kwa jina la nani?"

"Mwulize fundi mwenyewe. Ana meno, lakini hang'ati."

Sikumwuliza. Shangazi akaniulizia.

Fundi akacheka. "Kwa jina la wenyewe. Wamesahau kulitoa. Mama, hiyo ni bahati yenu, mtatumia bure mpaka wao wagutuke. Ofisi kubwa kama ile haiangalii."

"Na neno la siri la kufungulia hii ruta?" Hilo nalo shangazi aliliuliza kwa niaba yangu, baada ya mimi kumnong'oneza.

"Mimi silijui. Ni la wenyewe. Lakini la nini? Kitu ikifanya kazi, huifungui." Akanigeukia. "Ama mhandisi wetu ameona kasoro?"

Uso uliniwaka moto. Nikasema hakuna. Usiku ule niliandika kwenye daftari langu: *Tumeweka ndani ya nyumba kitu chenye ufunguo alio nao mtu mwingine, na sisi hatuna.* Nilipoisoma tena sentensi hiyo nilijichukia, maana niliiweza kalamuni na sikuiweza mdomoni.

Alhamisi, saa kumi mpaka kumi na moja, kompyuta zetu hupumzika. Ni saa ya kupigiwa. Wenye watoto Maskati, Jeddah na Dubai wamekwisha kuwaambia: piga Alhamisi saa ile, namba hii, nitakuwa nimekaa. Wanakaa kwenye benchi la barazani kwa zamu, kila mmoja na dakika zake. Alhamisi hiyo wa kwanza alikuwa mama mmoja wa mtaa wa nyuma, muuza bajia, ambaye mwanawe yuko Maskati mwaka wa tatu. Alikuwa amevaa leso mpya ndani ya buibui, kwa ajili ya simu.

Simu ililia mara moja. Haikumaliza hata mlio wake. Shangazi akanyanyua mkono wa simu, akauondoa sikioni upesi.

"Yalia kama jini," akasema.

Ikalia tena baada ya dakika tatu. Mlio mmoja, ikakatika, na ndani yake ule mlio wa paka. Mara ya tatu vilevile. Kisha kimya.

Mama muuza bajia alingoja mpaka zamu yake ikapita, na ya mwenzake, na ya mwenzake. Wote walipata mlio mmoja na makelele. "Labda ameghadhibika," akasema, akiifunga leso upya ingawa haikuwa imefunguka. "Mara ya mwisho nilimwambia aje aoe."

"Haghadhibiki mtu kwa kuambiwa aoe," shangazi alimjibu. "Ni laini tu."

Alipokwisha kuondoka, shangazi alikwenda uani kuchoma karatasi zake. Nilijua anachohesabu: benchi lile likipata habari kwamba simu ya pale inakula watoto wa watu, litahamia kwa yule wa viyoyozi.

Fundi alipita Alhamisi hiyohiyo, magharibi ikikaribia, akasema kosa ni la laini ya posta, wenye simu. Kesho yake asubuhi nilifanya jambo ambalo kwa mtu mwingine si jambo. Nilikwenda duka la dawa la pembeni, nikamwomba mwenye duka nitumie simu yake, nikapiga namba yetu. Nilisikia mlio mmoja, kisha kelele ya modemu masikioni mwangu. Nikarudi, nikachomoa waya wa modemu ukutani, nikaenda tena dukani. Mwenye duka akanitazama kwa mkunjo wa uso. Nikapiga. Shangazi akapokea: "Assalamu alaikum?" Nikaweka chini bila kujibu.

Haikuwa posta. Modemu yetu ya mtumba ilikuwa ikipokea simu za watu.

Ndani ya gunia la mchele palikuwa na vitu viwili ambavyo fundi hakuvijali: waya bapa, na fotokopi ya kitabu cha maelezo cha ruta, iliyokwaruzwa na kutobolewa na mende. Kwa kuwa naona haya kuuliza watu, nimezoea kuuliza vitabu. Nilikisoma chote kwa siku mbili. Kiingereza chake ni kigumu lakini hakichekeshi mtu. Ndimo nilimojifunza kwamba ofisi kubwa huweka modemu ipokee simu ili mfanyakazi aliye nyumbani aweze kupiga, ataje jina lake na neno lake la siri, na aingie ndani ya mitambo ya ofisi kwa njia ya simu. Majina hayo hukaa ndani ya ruta. Kuzima umeme hakuyafuti. Kuuza kisanduku hakuyafuti.

Kwa hiyo mtu yeyote aliyewahi kufanya kazi kwenye ile ofisi ya mizigo, akiijua namba yetu, angeweza kupiga akaingia kwetu. Na kwenye kompyuta zetu mna folda moja ambayo tumeifungulia kompyuta zote tatu ili iwe rahisi kuchapa. Inaitwa BARUA.

Hilo nililisema mwenyewe. Jumanne, mbele ya fundi na shangazi, nikiwa nimeshika fotokopi kifuani kama ngao. Nilisema vibaya, nikaruka maneno, lakini nilisema. Kwamba ifutwe yote, ianzishwe upya, itiwe jina letu na neno letu la siri, na modemu ikatazwe kupokea simu.

Fundi hakukasirika. Afadhali angekasirika.

"Msichana, unajua kufuta ni nini? Ukigusa pale ndani bila kujua, hiyo kitu inakufa. Utaitupa Kibarani na taka zingine. Na mimi sitaifufua." Akamwelekea shangazi. "Mama, uamuzi ni wako. Alhamisi mchomoe waya wa modemu, basi. Shida imekwisha. Intaneti ya bure muendelee nayo."

Shangazi alinitazama. Ananipenda, lakini hakuwa na ruta nyingine, na fundi ana shahada.

"Usiguse, mwanangu," akasema. "Tutachomoa waya."

"Na siku nyingine sita, nani atachomoa?"

"Nshakwambia usiguse."

Nilinyamaza. Lakini nakiri hapa, kwa kuwa daftari langu halina faida nikilidanganya: nilipokuwa nimenyamaza nilikuwa nimekwisha kuamua. Sikuwa na hasira na shangazi. Nilikuwa na hasira na lile jiko la uani. Tunachomaje kaboni za watu kila Alhamisi, halafu tunaacha dirisha wazi kwa sababu dirisha lenyewe ni la bure?

Alhamisi hiyo shangazi alichomoa waya, simu za wengine zikaingia, lakini mwana wa Maskati hakupiga. Ijumaa ofisi hufungwa kuanzia saa sita hadi saa nane. Shangazi huenda nyumbani kupika pilau ya baada ya sala. Ufunguo hukaa nami kwa sababu mimi ndiye hufagia. Nilijifungia ndani, nikaondoa kitambaa cha kompyuta ya kwanza, nikaunganisha ule waya bapa kutoka nyuma ya kompyuta mpaka kwenye tundu la ruta ambalo kitabu kilisema ni la fundi peke yake. Nikafungua ile programu ya mawasiliano inayokuja na kompyuta, nikaitilia kasi iliyotajwa kitabuni. Nikabonyeza. Kioo kikaonyesha jina la ile ofisi ya mizigo, na chini yake: neno la siri.

Kitabu kilikuwa na njia ya aliyesahau neno la siri. Lazima uwe umekaa mbele ya kisanduku chenyewe, huwezi kuifanya kwa mbali. Unakizima, unakiwasha, na kabla dakika moja haijaisha unabonyeza vitufe viwili pamoja kukikatiza kinapoamka. Mara ya kwanza nilichelewa. Mara ya pili nilikamata. Pale kikiwa nusu usingizini, nilibadilisha namba moja inayokiambia: ukiamka, usiisome mipangilio uliyoihifadhi. Nikakiwasha tena. Kikaamka kitupu, kikaniuliza kwa adabu kama nataka kinisaidie kujaza mipangilio. Nikajibu la. Kikaniruhusu kuingia bila neno la siri lolote.

Kwanza nilisoma kilichohifadhiwa, maana sikutaka kufuta kitu nisichokijua. Ulikuwa ukurasa mmoja na nusu, na ofisi nzima ya watu ilikuwa mle. Jina lao la kuingilia intaneti na neno lake la siri, limeandikwa waziwazi kama bei ya sukari. Namba ya simu ya kupiga. Majina matatu ya wafanyakazi walioruhusiwa kuingia kwa simu. Amri ya kuruhusu anayepiga aulizwe jina na aingie. Kulikuwa hata na neno la siri lililofumbwa, lakini kitabu chenyewe kinakiri kwamba ufumbaji wa aina ile hufumbuliwa na yeyote aliyekusudia.

Penseli ilikuwa mkononi. Ningeweza kunakili yote. Nitasema kweli: nilinakili herufi mbili za mwanzo, nikazikata kwa nguvu mpaka karatasi ikatoboka. Daftari langu hufungwa kwa ufunguo mdogo unaofunguka hata kwa pini ya nywele.

Kisha nikafuta. Ni amri fupi, na inauliza kama una hakika. Nilikuwa na hakika. Nikatazama kama pana nakala nyingine iliyofichwa kwenye kumbukumbu ya pili, nikakuta programu yake ya kufanyia kazi tu, hiyo nikaiacha. Nikakizima, nikakiwasha. Kitupu. Jina la ile ofisi halikuwako tena.

Kujenga kulichukua muda mrefu kuliko kubomoa. Niliipa ruta jina letu. Niliitilia maneno mawili ya siri, la mlangoni na la ndani zaidi, marefu, yasiyo jina la mtu wala tarehe ya kuzaliwa. Nikaandika akaunti yetu wenyewe kutoka ile karatasi. Nikaweka kwamba laini ya modemu ni ya kupiga nje tu, hapana anayeingia kwayo. Nikakataza ruta kufunguliwa kutoka nje kupitia intaneti. Mwenye kutaka kuigusa aje akae kwenye kiti hiki. Kisha modemu. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba modemu ina kumbukumbu yake mbali na ya ruta, na kwamba ningefuta ruta mara mia nisifute yale makelele. Nikairudisha kwenye hali ya kiwandani, nikaiambia isipokee simu yoyote, nikaiamuru ikumbuke.

Nikahifadhi mipangilio. Nikawasha kompyuta zote tatu, zote zikaingia, kwa jina letu. Adhana ya alasiri ilikuwa bado, lakini nyayo za watu watokao msikitini zilikuwa zimejaa mtaani. Nikachomoa waya bapa, nikafunika kompyuta. Maneno ya siri niliyaandika kwenye karatasi moja, nikaitia ndani ya bahasha, nikaipiga gundi, na jioni nikampa shangazi.

"Nini hii?"

"Weka kwenye kasha lako la hati ya nyumba. Usimpe mtu."

Akaitazama bahasha, akanitazama mimi. "Umegusa."

"Nimegusa."

Alikaa kwenye kile kiti cha wateja. Sikuomba radhi. Nilikuwa nimejiandaa kuomba, nilikuwa hata nimeandika, lakini haikutoka, na nilishangaa kuona kwamba sikutaka itoke. Nikamweleza nilichokiona mle ndani: kwamba aliyetupa intaneti ya bure alikuwa ametuuzia siri za watu wengine. Akainuka akaitia bahasha kifuani.

"Ikifa," akasema, "utamweleza fundi wewe, si mimi."

Jumamosi asubuhi umeme ulikatika. Kwetu si habari. Uliporudi saa nne, kompyuta ziliamka, feni ikaamka, ruta ikawasha taa zake, na hakuna kilichoingia kwenye intaneti. Wateja wawili walikuwa wamekaa. Na kwa kuwa siku yangu haikuwa imeharibika vya kutosha, fundi akaingia na mfuko wa maembe.

Aliuchukua waya bapa mwenyewe, akauunganisha. Akatazama kioo: kisanduku kitupu, hakina jina, kinauliza kama kisaidiwe kujaza mipangilio.

"Mama," akasema taratibu, "mtoto ameua."

Mteja mmoja aliacha kuandika ili asikie vizuri. Nilikwenda uani, nikakaa karibu na jiko, nikafungua fotokopi kwenye ukurasa wa aliyesahau neno la siri. Hatua ya kwanza nilifanya, ya pili nilifanya, nikazifuata kwa kidole mpaka ya mwisho, ambayo ilikuwa upande wa pili wa karatasi, juu kabisa, peke yake. Sikuwa nimegeuza karatasi. *Rudisha ile namba kama ilivyokuwa.*

Sikuwa nimeirudisha. Ruta ilikuwa bado inatii amri yangu ya kwanza: ukiamka, usisome ulichohifadhi. Jana nilipoiwasha baada ya kufuta, niliona utupu nikafurahi, na ingekuwa tupu vyovyote vile. Na baada ya kujenga sikuizima hata mara moja kujaribu. Kazi yangu yote ilikuwa mle ndani, salama. Imekatazwa kusomwa tu.

Nilirudi ndani. "Naomba kiti," nikamwambia fundi.

"Kufanya nini? Kuizika?"

"Naomba kiti."

Shangazi akasema, "Mpe kiti, fundi. Kiti ni changu."

Akainuka. Nikakaa. Nikaingia, nikairudisha namba ile mahali pake, nikaamuru kisanduku kijizime na kijiwashe. Kabla ya kutii kikauliza: mipangilio imebadilika, je, nihifadhi?

Fundi alikuwa amesimama nyuma ya bega langu. "Sema ndiyo. Usipohifadhi, hiyo namba yako itapotea."

Alikuwa na sauti ya mtu anayejua. Mtu yeyote angesema ndiyo. Ukifundishwa kompyuta jambo la kwanza unalofundishwa ni kuhifadhi. Lakini kilichokuwa kimewaka wakati ule ni ule utupu. Kuhifadhi kungeuandika utupu juu ya kazi yangu yote. Ile namba hukaa mahali pake mbali, nayo ilikwisha kushika.

"Sema ndiyo, msichana."

Nikaandika herufi mbili. *no*.

"Haya," akasema fundi. "Sasa imekwenda."

Taa zilizimika, zikawaka moja moja. Tulingoja. Mteja yule alikuwa ameweka kalamu chini kabisa. Kisha jina likatokea kwenye kioo, jina la ofisi ya shangazi yangu, nililoliandika mwenyewe, na chini yake: neno la siri. Nilipoingia nikakuta yote yamo. Modemu ikapiga, ikalia, ikanyamaza. Kompyuta ya mteja ikafunguka.

Nikaizima tena kwa swichi, makusudi, nikaiwasha. Ikarudi na jina lake.

Fundi alimenya embe kwa kisu chake kidogo. "Na neno la siri ni lipi?" akauliza. "Nitalihitaji, nikija kuitengeneza."

"Ukija nitaliandika mimi, wewe utazame pembeni," nikasema. Nilisema kwa sauti ndogo, lakini chumba ni kidogo pia.

Alimgeukia shangazi. Shangazi alikuwa akikunja leso zake. "Umemsikia," akasema. "Embe zako ni tamu, kaka. Za wapi?"

Jambo moja zaidi. Siku ya Jumatatu niliichapia ile ofisi ya mizigo barua ya mistari mitatu: kwamba kisanduku chao cha zamani kiliuzwa na maneno yao ya siri ndani, kwamba yamefutwa, na kwamba hata hivyo wayabadilishe yote, kwa sababu wengine huenda wameyaona. Sikuweka jina. Nilimpa mlinzi wa lango nikaondoka upesi. Ushujaa wangu una mipaka yake.

Alhamisi mama muuza bajia alikuja na leso ileile. Alikaa ukingoni mwa benchi, kama mtu aliye tayari kuambiwa arudi nyumbani. Kompyuta zilikuwa zimepumzika. Waya wa modemu ulikuwa ukutani. Shangazi alinyosha mkono kuuchomoa, nami nikatikisa kichwa. Akauacha.

Saa kumi na dakika mbili simu ililia. Ikalia mara ya pili. Shangazi hakuinyanyua, alikuwa akiisikiliza. Ikalia mara ya tatu, mlio mzima.

"Pokea, bibi," akasema. "Ni yako."

Mama yule akaushika mkono wa simu kwa mikono miwili. Kisha: "Nawe wiki mbili nzima ulikuwa umenuna?"

Nilikwenda uani ambako jiko lilikuwa limeshika. Nilikuwa nimekibandua kile kijikaratasi chini ya ruta, chenye anwani ya wenyewe kwa kalamu ya wino, na gundi ilikuwa bado inanata vidoleni. Nikakitia motoni pamoja na kaboni za wiki ile, nikasimama mpaka kikawa jivu.